Slaidi za Watu Wanne, Sura Moja: Wacha Kupaka Rangi kwa Mkono

Kila grupu ina kazi moja ambayo hakuna mtu huiomba: kuchukua slaidi za kila mtu na kuzifanya zikae kama zimetoka kwa kichwa kimoja. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikidhani nimeagana na kazi za grupu, kumbe huku kwa kontenti ndo zimejaa. Huwezi kupata kazi ya maana na kampuni kama hamjaenda mbele yao na presentesheni, na presentesheni yenyewe huwa imeandikwa na watu wanne ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu chips za kuagiza.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wasee watanibishia. Wengi huanzia mwisho. Wanaona slaidi moja nyeusi, nyingine zambarau, nyingine ina maua kwa kona, halafu wanaanza kubadilisha rangi moja moja mpaka saa nane usiku. Sasa ngoja mtu aseme asubuhi kwamba ile bluu inafaa kuwa kijani. Unarudi mwanzo. Rangi si shida. Shida ni jinsi kila mtu aliandika maneno yake, na hiyo haionekani kwa macho.

Hebu niwape kesi yenyewe. Tulikuwa tunaomba kazi ya video fupi kwa kampuni moja ya bima. Slaidi zilikuwa 26. Utangulizi ulikuwa nne, zimeandikwa na dada ambaye ndiye huongea na wateja. Mpango wa video ulikuwa tisa, kutoka kwa jamaa wa kamera, zote nyeusi tititi kwa sababu alipakua kiolezo fulani cha kisinema. Takwimu za watazamaji wetu zilikuwa saba, na bajeti sita. Zote za PowerPoint, na kila moja na sura yake.

Kabla ya kukopi chochote, nilifungua kila faili, nikaenda View, nikabonyeza Outline View. Hii ndo siri ya kazi yote, kwa hivyo tukae hapa kidogo. Upande wa kushoto PowerPoint inakuorodheshea maneno ya kila slaidi, lakini si maneno yote. Inaonyesha tu yale yaliyoandikwa ndani ya visanduku ambavyo vilikuja na slaidi, vile vinavyokuambia "Click to add title". Mtu akifuta kile kisanduku, achore Text Box yake mwenyewe na kuandika kichwa humo, kwa macho utaona kichwa kizuri tu, lakini kwa Outline View ile slaidi itakuwa tupu.

Kwa nini hiyo ni muhimu? Kisanduku kilichokuja na slaidi kinapokea amri kutoka kwa Slide Master, ambayo ni kama slaidi mama ya faili nzima. Ukihamisha slaidi kwenda faili lingine, kinauliza mama mpya: niandike na fonti gani, saizi gani, nikae wapi? Text Box ya kuchora mwenyewe haifuati mama hivyo. Inabaki pale mwenyewe aliiweka, na saizi aliyoichagua, na kama rangi aliichagua kwa mkono, inabaki nayo pia.

Yule dada wa utangulizi alikuwa safi, kila kitu kilionekana. Bajeti pia. Takwimu nusu nusu. Jamaa wa kamera, aki, slaidi tisa na vichwa vitatu tu vilionekana. Hapo tayari nilijua usiku wangu utaishia wapi. Pia nilijua faili gani itakuwa nyumba ya zingine: ya yule dada. Haikuwa imependeza kuliko zote, ya kamera ndo ilikuwa kali. Lakini mwenye nyumba hachaguliwi kwa urembo. Unachagua faili ambayo slaidi mama yake inafanya kazi, halafu urembo unaongeza kwa mama mwenyewe mara moja na slaidi zote zinafuata.

Kitu kingine cha kuangalia mapema ni saizi. Bajeti ilikuwa kwa ule umbo wa zamani wa 4:3, na zingine zote 16:9. Nenda Design, kisha Slide Size, ubadilishe kule kwa faili ya mwenyewe kabla hujakopi. Ukimaliza angalia picha na nembo. Kama duara imekuwa yai, rekebisha hapo hapo, usibebe yai kwenda nalo.

Sasa kubandika. Ukikopi slaidi na kubandika kwa Ctrl+V, kwa kawaida PowerPoint inatumia Use Destination Theme, yaani slaidi inavaa nguo za nyumba inayoingia. Kando yake kuna Keep Source Formatting, na hii ndo huwapoteza wengi. Unaibonyeza, slaidi inakuja vile ilivyokuwa kwao, imependeza, haijavunjika, unafurahi. Lakini imekuja na mama yake. Ukifanya hivyo kwa faili tatu, sasa nyumba moja ina mama wanne, na siku ukibadilisha fonti kwa mmoja, watatu hawasikii. Mimi huitumia tu kwa slaidi ambayo kweli inafaa kubaki tofauti, mfano mfano wa tangazo ambalo mteja mwenyewe alilitengeneza.

Nilibandika zote na Use Destination Theme. Bajeti ikakaa vizuri mara moja. Halafu nikabandika zile tisa za kamera, na slaidi ya tatu yake ikatoka nyeupe pe. Hakuna neno. Nikamwita kwa simu.

"Buda, slaidi yako ya ratiba ya kushuti haina kitu."

"Ina kitu bana! Angalia vizuri, niliandika siku zote tano."

Na alikuwa anasema ukweli. Nilibonyeza Ctrl+A na visanduku vitano vikajitokeza mistari yao, vimekaa pale kimya. Weusi wa nyuma ulikuwa unatoka kwa mama yake wa zamani, kwa hivyo ulipotea tulipohama. Lakini maneno alikuwa ameandika kwa Text Box na kuyapaka weupe kwa mkono. Maneno meupe, ukuta mweupe. Ningekuwa naangalia haraka haraka ningeifuta nikidhani ni slaidi imebaki kimakosa, na tungesimama mbele ya watu wa bima bila ratiba. Ndo maana kila slaidi inayoonekana tupu lazima uibonyezee Ctrl+A kabla ya kuigusa.

Dawa si kuyapaka meusi. Ukiyapaka meusi leo, kesho tukiamua kurudi kwa ukuta mweusi yanapotea tena. Nilienda Home, nikabonyeza Layout, nikachagua muundo wa faili yetu wenye kichwa na maneno, visanduku vya kweli vikatokea. Nikakata maneno kutoka kwa Text Box, nikayabandika ndani kwa Keep Text Only ili yaje bila nguo zao za zamani, nikafuta masanduku matupu. Slaidi moja inachukua kama dakika mbili. Kwa zile sita zake zilizokuwa na shida, nilimaliza chai yangu ikiwa bado moto kiasi.

Kuna zingine ambazo maneno yako ndani ya kisanduku sahihi lakini mtu alikivuta, akakipanua, akabadilisha saizi. Hizo ni rahisi: Home, halafu Reset. Kisanduku kinarudi mahali pake. Lakini fanya moja moja ukiangalia, kwa sababu kama mtu aliweka neno moja jekundu ili lionekane, Reset inaweza kuondoa hiyo pia, na huenda lile neno ndo lilikuwa hoja yake yote.

Halafu kuna chati, na hapa ndo kuna hatari ambayo hata watu wazoefu hawaioni. Slaidi za takwimu zilikuwa na chati ya mistari miwili, watazamaji wa kike na wa kiume. Aliyeichora hakuchagua rangi, alikubali zile PowerPoint ilimpa, ambazo hutoka kwa themu. Hiyo ni tabia nzuri kabisa. Tulipohama, chati ikavaa rangi zetu yenyewe, kijani na chungwa, na ikapendeza. Shida ni kwamba chini yake alikuwa ameandika: "Mstari wa chungwa ni wa wanawake, na ndio unaopanda." Kwake wanawake walikuwa chungwa. Kwetu chungwa ilikuwa imeenda kwa wanaume. Hakuna kitu kilichovunjika, slaidi inang'aa, na inasema uongo! Na bima ile ilitaka hasa kuwafikia wanawake wa miaka ishirini na kitu, kwa hivyo hiyo ndo slaidi wangeiangalia sana.

Sikubadilisha rangi. Nilifuta lile neno "chungwa" na kuandika "Wanawake" na "Wanaume" pale pale mwisho wa kila mstari. Sasa rangi ihame inavyotaka. Lakini kwa bajeti niliacha nyekundu ilivyo, kwa sababu pale nyekundu ilimaanisha pesa ambayo bado haijathibitishwa. Hiyo si nguo, hiyo ni maana. Ukiona rangi, uliza mwenyewe kwanza inasema nini.

Mwisho nilipita kwa View, Slide Master, kufagia. Ukiweka kishale juu ya kila muundo, PowerPoint inakuambia unatumiwa na slaidi gani. Miundo miwili ya jamaa wa kamera ilikuwa imetufuata, kwa sababu majina yake hayakufanana na yoyote ya kwetu. Nilihamisha slaidi zake kwa Layout zetu, kisha nikaifuta. Halafu Home, Replace, Replace Fonts. Sikutaka kubadilisha kitu, nilitaka tu kusoma ile orodha. Inakuonyesha fonti zote zilizo ndani ya faili. Tulikubaliana mbili, nikaona nne, nikajua kuna Text Box mbili zimejificha mahali. Moja ilikuwa nambari ya ukurasa ambayo mtu aliiandika kwa mkono, "6", kwa slaidi ambayo sasa ilikuwa ya 19.

Siku hizi, kabla mtu yeyote hajaanza kuandika, natuma kwa grupu faili moja tupu yenye Layout nne tu na ujumbe mfupi: andika ndani ya masanduku yaliyopo, usichore yako, rangi uchague kwa Theme Colors pekee, chati usizilete kama picha. Wiki iliyopita nimeituma tena kwa kazi nyingine. Jamaa wa kamera alijibu "sawa boss" ndani ya dakika moja, na jana jioni akaleta slaidi zake. Ni PDF.