PICHA NA KIBOKO, SAFARI IKAISHIA HAPO HAPO

Agosti 2018 watalii wawili kutoka Taiwan walikuwa pembeni ya Ziwa Naivasha, Kenya, wakipiga picha za viboko. Wakasogea karibu mno. Kiboko akamng'ata mmoja kifuani, akafa. Mwenzake akatoka na majeraha.

Sasa mla nyasi anaua watu kwa nini? Iko hivi. Ngozi ya kiboko inakauka na kuungua jua haraka, ndo maana mchana kutwa anajichimbia majini. Jua likizama anatoka, anafuata njia yake ile ile, anakula nyasi kama kilo 40, halafu anarudi kabla hapajakucha.

Balaa liko kwenye hiyo njia. Kwake maji ndo maficho, hivyo akikukuta umesimama kati yake na maji hakuzunguki, anapita na wewe. Na kitambi chake kisikudanganye, anakimbia hadi kilomita 30 kwa saa.

Ukiona anapiga miayo huku anakuangalia, hana usingizi huyo, anakuonyesha meno. Rudi nyuma taratibu, muachie njia ya majini. Picha utapiga ukiwa mbali.