Jibu la Mara ya Kwanza

Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nami naongeza kwamba mapenzi ya ujana ni ukungu pia, maana humficha aliyemo ndani yake asijione mwenyewe. Sisemi haya kwa kusoma tu, bali kwa kupatwa. Nilipokuwa na umri wa miaka 24, mwanafunzi katika mji mmoja wa Ujerumani, nilimpenda mwanamke mmoja kwa mapenzi yaliyoninyima usingizi, yakanikinaisha chakula, na kunipotezea sura nzima ya tasnifu yangu. Tulikuwa tumezungumza mara nne tu. Kwa mazungumzo hayo manne nilikuwa nimekwisha jenga nyumba, nikaitia samani, na kuwapa watoto majina.

Katika nyumba ya wanafunzi nilimopanga aliishi dada mmoja kutoka Uchina, aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi, na masomo yake yalikuwa lugha ya Kichina ya kale. Juu ya rafu yake palikuwa na Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, na kando yake tafsiri ya Kijerumani ya Richard Wilhelm iliyotoka mwaka 1924. Mimi ni mtu wa pwani, na mambo ya kupiga ramli si mageni kwangu. Najua kwamba mpiga ramli huhesabu nukta, akatazama ipi witiri na ipi shufwa, akapata umbo moja miongoni mwa 16. Kitabu cha Wachina kina maumbo 64, na kila umbo lina mistari sita, mmoja juu ya mwingine. Mstari huwa ama mzima, ama umekatika katikati. Niliposikia hayo nilimsihi anionyeshe njia ya kuuliza. Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Ndugu yangu, andika swali lako kwanza." Nikaandika: Je, ananipenda?

Njia yenyewe ni nyepesi. Hutwaliwa sarafu tatu zikarushwa pamoja mara sita. Upande mmoja wa sarafu huhesabiwa 3 na upande wa pili 2, kwa hiyo jumla ya kila mrusho huwa 6, 7, 8 au 9. Saba ni mstari mzima, na nane ni mstari uliokatika. Sita nao ni uliokatika na tisa ni mzima, lakini hiyo miwili husemwa kuwa imezeeka, na mstari uliozeeka hugeuka kuwa kinyume chake. Umbo hujengwa kutoka chini kwenda juu, kama ukuta ujengwavyo. Mirusho yangu ilileta 8, kisha 7, kisha 6, kisha 8, kisha 8, na mwisho 7. Chini yakawa maji, juu ukawa mlima, na mstari wa tatu ukawa wenye kugeuka. Hilo ni umbo la nne katika kitabu, na jina lake ni Meng.

Wilhelm alilifasiri jina hilo kuwa ujinga wa ujana. Dada yule alinieleza kuwa neno lenyewe lina upole zaidi ya tafsiri, kwa sababu asili ya maana yake ni kufunikwa. Mwenye meng si mpumbavu aliyezaliwa hana akili. Ni mtu ambaye akili yake ingali chini ya kifuniko. Picha ya umbo ni chemchemi itokayo chini ya mlima. Maji yametoka, yana nguvu, lakini hayajajua yashike njia ipi. Mbele yake pana shimo, na nyuma yake pana mlima. Niliona picha hiyo inanifaa, nikafurahi kama mgonjwa afurahivyo kusikia jina la ugonjwa wake.

Furaha ilinipeleka penye makosa. Maneno ya mwanzo ya umbo hili husema kwamba msemaji hamtafuti kijana mjinga, bali kijana ndiye amtafutaye msemaji. Nikaruka kwa shangwe, nikasema, "Basi atanitafuta!" Dada akacheka, akaweka kidole juu ya ukurasa. Msemaji katika maneno yale si mpenzi. Ni mwalimu, au ni kitabu chenyewe. Wafafanuzi wa kale humwona mwalimu huyo katika mstari wa pili, ambao ni mzima na umezungukwa na iliyokatika, na humwona mwanafunzi katika mstari wa tano ulio juu yake. Aliyekuja kutafuta usiku ule nilikuwa ni mimi. Mwanamke niliyemwuliza habari zake hakuwamo kabisa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mstari wa tatu, ambao ndio uliogeuka, huonya mtu asimwoe mwanamke ambaye akimwona mwanamume wa madini hupotewa na nafsi yake. Mfafanuzi Zhu Xi, aliyeishi kutoka 1130 hata 1200, alimfahamu mwanamume huyo kuwa mtu atongozaye kwa mali. Mara moja nikamkumbuka kijana mmoja mwenye gari ambaye mara mbili nilimwona akifuatana na yule nimpendaye, na moyo wangu ukajaa uchungu. Kumbe, nikasema, ni mwanamke wa kutamani fedha! Hivyo kwa sarafu tatu nilimhukumu mtu ambaye hakunitendea jambo lolote.

Dada hakucheka tena. Aliniambia nitazame mahali mstari huo ulipo. Mahali pa tatu ni pa mstari mzima, lakini hapa umesimama uliokatika. Basi mwenye kusimama pale si wa mahali pale. Tena uko juu kabisa ya maji, na maji katika kitabu hiki ni hatari. Mwenzi wake wa haki ni mstari wa sita ulio mbali kileleni, lakini yeye huvutwa na ule wa pili kwa kuwa uko karibu na unang'aa. Wilhelm naye hakuyafunga maneno hayo kwa wanawake. Aliyaeleza kuwa ni habari ya mtu dhaifu, asiye na uzoefu, ambaye akikutana na mwenye nguvu hujitupa kwake na kuiacha nafsi yake. Dada akaniuliza, "Katika habari hii, ni nani aliyeona kitu king'aacho akapotewa na nafsi yake? Ni nani asiyelala, asiyekula, asiyeandika?" Sikuwa na la kujibu.

Mstari ule ukigeuka, umbo zima huwa Gu, la 18, mlima juu ya upepo, nalo ni habari ya kutengeneza kilichoharibika. Alama yake ya maandishi ni wadudu ndani ya bakuli. Katika tarehe ya kale iitwayo Zuozhuan imesimuliwa kwamba mwaka 541 kabla ya Kristo mtawala wa nchi ya Jin aliugua, akaletewa tabibu kutoka nchi ya Qin. Tabibu akasema kuwa maradhi hayo hayakutoka kwa mizimu wala kwa chakula, bali yalifanana na gu, yalitokana na kuzidi kiasi kwa wanawake. Akalitaja umbo hilo kuwa ni kijana kupumbazwa na mwanamke na upepo kuangusha miti ya mlima. Nilikuwa nimepewa dalili na maradhi kwa mrusho mmoja. Lililobaki lilikuwa dawa.

Lakini nani hupenda dawa? Umbo la Meng lenyewe husema kuwa aulizaye mara ya kwanza hujibiwa, na arudiaye mara ya pili na ya tatu huwa msumbufu, na msumbufu hajibiwi. Nilichukua sarafu zangu nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikauliza tena. Jibu la pili sikulielewa. La tatu likawa Xian, umbo la 31, la mvuto, ambalo husema kwamba kuoa kuna heri. Nikapiga magoti kwa furaha, na usiku ule ule nikaandika barua ya kurasa 11.

Leo naweza kueleza kwa hesabu kwa nini katazo lile lina hekima, hata kwa asiyeamini kuwa sarafu zina sauti. Tuchukulie kwamba nusu ya maumbo 64 mwenye mapenzi anaweza kuyasoma kuwa heri. Akirusha mara moja, ana nafasi sawa ya kupendezwa na kuchukizwa. Akirusha mara tatu, nafasi ya kupata walau jibu moja la kupendeza ni saba katika nane. Akirudia hata saa sita za usiku, amekwisha hakikisha kuwa atasikia alichotaka kusikia. Tangu hapo haulizi tena, anajiamrisha. Dalili ya kwanza ya ugonjwa huo ni kwamba muulizaji hulikumbuka jibu la mwisho na kulisahau la kwanza.

Barua yangu ilijibiwa baada ya siku tisa, kwa mistari minne yenye adabu. Alisema hanijui kiasi hicho, na kwamba barua imemtia hofu. Neno hilo hofu lilinichoma kuliko kukataliwa. Wiki ile ile msimamizi wangu aliniarifu kuwa nisipotoa sura iliyochelewa, fedha za masomo zitakatwa. Nilirudi kwa dada nimeinamisha kichwa. Hakunisuta. Alifungua ukurasa wa Gu, akaniuliza nimeharibu nini na nini. Tukahesabu: amani ya mtu mmoja, jina jema la mwingine mwenye gari, na kazi yangu. La kwanza nililitengeneza kwa barua fupi ya kuomba radhi isiyotaka jibu. La pili kwa kunyamaza. La tatu kwa miezi miwili ya kuandika usiku na mchana. Sura ilipokelewa.

Mwaka jana kijana mmoja katika wanafunzi wangu alinijia na umbo hilo hilo kwenye karatasi. Uso wake ulinionyesha uso wangu wa zamani. Nilimwuliza, "Mwanangu, umerusha mara ngapi?" Akasema, "Nne, Mwalimu." Nikamwomba anipe la kwanza na kuyachana mengine. Kisha nikamtaka afute swali lake, Je, ananipenda, maana hakuna mstari hata mmoja katika Meng uwezao kulijibu; moyo wa mtu mwingine haumo ndani ya sarafu za mtu. Badala yake aandike: Ni nini kilichonifunika? Alikaa na kalamu kwa muda mrefu. Nilipomwona ameanza kuandika, niligeuka nikatazama dirishani, kwa sababu jibu la swali hilo si haki ya mwalimu kulisoma.