Mikopo Kwanza, Taarifa Baadaye

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akiba, yaani ikimina, hapa Kimironko, Kigali. Tunakutana Jumapili saa 9 alasiri. Zamani tulianza na kumbukumbu, taarifa ya mweka hazina, kisha faini. Maombi ya mikopo yalifika saa 11, watu wamechoka, wakasema "ndiyo" ili waende nyumbani.

Sasa mikopo inaanza saa 9 na robo. Robo ya kwanza tunahesabu michango, maana wanaochelewa nao wana haki ya kupiga kura. Mwezi uliopita ombi la faranga 300,000 za kununua cherehani lilijadiliwa dakika 40: nani atadhamini, wateja wako wapi? Tulitoa 200,000, kwa wadhamini wawili. Zamani lingepita kwa dakika mbili.

Kumbukumbu na taarifa nazituma Ijumaa, nazo hupitishwa mwishoni kwa pamoja. Mwanachama yeyote anaweza kuomba jambo moja litolewe lijadiliwe peke yake. Bila ruhusa hiyo nisingeukubali mpango huu. Juzi mama mmoja aliomba faini zitolewe. Jina lake lilikuwa limeandikwa mara mbili.