Kushoto kwa Mbeba Maji

Kutoka mjini Nakuru barabara ya Nyahururu inapanda polepole, na ukishapita Maili Sita hewa inabadilika. Joto la mji linabaki nyuma. Huku Bahati udongo ni majivu ya volkano yaliyolala miaka mingi. Mvua ikinyesha unateleza, jua likiwaka unapaa na kuingia kwenye meno. Mashariki kuna ukuta wa msitu. Magharibi, ng'ambo ya bonde, Menengai imelala bila kilele, mlima usioonekana mlima mpaka usimame ukingoni na kuchungulia shimo lenye upana wa kilomita 12 hivi na kina kinachokaribia mita 500.

Shamba nililokwenda kuliona liko katikati ya hivyo viwili. Linaanzia barabara ya udongo upande wa msitu na kuteremka kuelekea Menengai mpaka kwenye kijito. Ni jembamba na refu, kama yalivyo mengi ya jirani zake. Eneo hili lote lilikuwa shamba moja la mlowezi, la ngano na ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni ya wananchi walionunua hisa ililinunua na kuligawa. Mwenye hisa alipewa ekari tano, na ekari tano hizo ndizo zilizoniketisha jikoni kwa bibi mmoja, chai ya maziwa mkononi, moshi wa mti wa msedari ukitutoa machozi.

Mjukuu wake ana miaka 14. Kila mtu pale humwita bibi huyo Shosho, nami nikamwita hivyo. Watoto wa Shosho wanataka kugawana shamba, na hati aliyonayo inasema hekta 2.02 tu, haisemi mpaka uko wapi. Mpaka uko kichwani mwa Shosho. Basi msichana akachukua daftari la hesabu lenye miraba, akamwambia bibi yake aseme, naye akaandika.

Nimeyasoma maandishi hayo. Ukitoka barabarani, shika kayaba mkono wa kushoto. Kayaba ikiisha kuna muringa, ule mkubwa. Pita mwamba unaokaa maji. Kisha makonge, mkono wa kushoto tena. Kisha kijito. Hakuna nambari hata moja, ila anayelijua shamba angefika akiwa amefumba macho.

Ramani ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama na ilikuwa imekosewa. Makonge yalikuwa upande ule ule wa kayaba, kusini, kwa sababu vyote viwili viko "kushoto". Lakini kwa mchoro huo jirani mmoja mwenye ng'ombe wa gredi alihamia kaskazini, na sauti ya ng'ombe wake, ambayo hata mimi mgeni niliisikia, ilitoka kusini. Msichana alikaa na jambo hilo jioni nzima. Kesho yake hakumwuliza Shosho makonge yako wapi. Alimwuliza, "Shosho, uliposema kushoto, wewe ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilikuwa natoka mtoni. Nimebeba maji."

Jibu hilo lilitengua kila kitu. Nusu ya kwanza ya maelezo ilisemwa na bibi harusi anayeshuka kutoka barabarani, uso kwa Menengai, na kushoto kwake ni kusini. Nusu ya pili ilisemwa na mama anayepanda na debe mgongoni, uso kwa msitu, na kushoto kwake ni kaskazini. Shosho hakukosea popote. Yeye alikuwa anatembea, na ramani haina mtu anayetembea ndani yake. Tangu hapo msichana aliandika pembeni ya kila mstari mshale mdogo wa kuonyesha uso wa msemaji ulielekea wapi. Sijaona chombo cha upimaji rahisi kuliko mshale huo.

Kisha ikaja kamba. Simu ya mjomba wake ilijaribiwa kwanza, ikaachwa. Chini ya miti ya kayaba ile nukta ya kuonyesha mahali ulipo ilirukaruka mita kadhaa bila mtu kusogea. Kamba ilikuwa ya mkonge, mita 20, yenye fundo kila mita tano. Nilitembea nyuma yao asubuhi na kujifunza kwamba kamba ya mkonge ni kitu cha kuangaliwa. Umande ukiilowesha hunenepa na kufupika, hivyo ukiihesabu bado ni 20 shamba linakuwa refu kuliko lilivyo. Msichana amepigilia misumari miwili kwenye ubao wa uzio, mita 20 kamili, na kila asubuhi huinyoosha hapo kabla ya kushuka. Tena hailazi juu ya mteremko. Mahali ardhi inaposhuka mita moja kwa kila kumi, mita 100 za juu ya nyasi ni 99.5 tu kwenye ramani. Kwa hiyo anayeshika mwisho wa chini huinua kamba mpaka iwe sawa, halafu huangusha kijiwe na kuweka alama kilipotua. Kazi hiyo ilifanywa na mdogo wake wa kiume, kwa manung'uniko.

Barabarani zilipatikana mita 80. Upande wa kusini, mpaka ukingo wa kijito, 238. Kaskazini 232. Kijitoni 81. Ungedhani pande nne zinatosha. Hazitoshi, umbo la pande nne lisilo na mshazari huyumba kama fremu ya kitanda ambayo haijapigwa msumari, na unaweza kulichora mara kumi kwa vipimo vile vile likatoka tofauti kila mara. Wakapima mshazari mmoja kutoka pembe ya kaskazini ya barabarani mpaka pembe ya kusini ya kijitoni, kisha ule wa pili kwa ajili ya kuhakikisha tu. Kipimo cha ramani ni sentimita moja kwa mita 10, na shamba lote linakaa katika karatasi moja. Mshazari wa pili kwenye karatasi na ule wa kamba ilipishana mita moja. Kwa kamba na mtoto anayenung'unika, hiyo ni kazi safi.

Lakini hesabu ya eneo, pembetatu mbili zikijumlishwa, ilitoa hekta 1.89. Ilipungua theluthi ya ekari hivi. Jikoni kukawa kimya, na mjomba akaanza kumtaja jirani wa chini kwa sauti ambayo sikuipenda.

Shosho ndiye aliyeuliza kayaba ya barabarani imetoa ngapi. Mita 80, akaambiwa. Hakujali mita. Alisema siku ya kugawa alikuwepo, amesimama na wanawake wengine, na wanaume walivuta mnyororo wa chuma: mara nne barabarani, na kwenda chini mara kumi na mbili na nusu. Aliikumbuka nusu kwa sababu ilileta ubishi, watu wakidai kwamba mnyororo haukukunjwa sawasawa.

Mnyororo wa wapimaji ni futi 66, mita 20.1. Ekari moja ni minyororo kumi ya mraba. Nne mara kumi na mbili na nusu ni hamsini, yaani ekari tano bila kupungua. Msichana aliandika hesabu hiyo na kuipigia mstari chini, na minyororo minne ikawa mita 80 na nusu, karibu kabisa na kamba yake. Juu hapakuwa na kosa. Upungufu uko chini, kwenye urefu, mita 16 na nusu hivi kwa wastani.

Tukashuka wote kijitoni. Harufu ya tope na majani ya nepia yaliyokatwa. Kwarara wawili walipiga kelele na kuondoka. Kijito chenyewe ni uzi wa maji ndani ya korongo lenye kina cha kumzidi mtu, kuta zake za majivu zimekatwa wima na bado zinamomonyoka, vipande vikidondoka tukitazama. Shosho hakusimama hapo. Alivuka kwenye kigogo, jambo lililotutia hofu sote, akaingia kwenye mahindi ya jirani na kupiga fimbo chini. Palikuwa na mbonyeo mpana, udongo mweusi, mawe ya mviringo, na kwenye ukingo wa mbali safu ya makonge mazee. Mto ulipita hapa, alisema. Ulihama usiku mmoja, kwenye mvua za El Nino za 1997.

Walipima upya mpaka makongeni: kusini 262, kaskazini 238. Wastani ni 250, karibu sana na minyororo kumi na mbili na nusu. Eneo likawa hekta 2.00, dhidi ya 2.02 za hati.

Hapo ndipo ramani ya msichana inapofika mwisho wa nguvu zake, naye anajua. Karatasi ya rula na penseli si ushahidi wa umiliki. Hata ramani za serikali za mashambani kwa kawaida huchorwa kwa kipimo cha 1:2500, ambapo unene wa mstari wa nusu milimita unafunika zaidi ya mita moja ya ardhi. Na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inazihesabu kuwa za mpaka wa kukadiria, isipokuwa pale mpaka ulipowekwa rasmi na kuandikwa katika sajili. Mahakama haisikilizi ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. Na kuna swali la mto: ukila ukingo kidogokidogo mwaka hadi mwaka, mpaka unaofuata maji husogea nao, ukiruka ghafla, mpaka hubaki pale ulipokuwa. Usiku mmoja wa 1997 una uzito, basi, lakini ni lazima usiku huo uthibitishwe. Ramani inaweza kumwambia mpimaji aliyesajiliwa achimbe wapi. Kwenye pembe ya juu, chini ya kayaba, walikuwa wamekwisha kuchimba kiasi cha mkono mpaka kiwiko na kupata bikoni, chuma ndani ya saruji. Huko chini, penye makonge, bado hawajachimba, kwa sababu ni shamba la mtu. Shosho alisema ataenda mwenyewe kuomba, na mjomba asiandamane naye.

Jioni msichana aliichora kwa wino. Mstari mzito makongeni, mstari wa nukta kwenye korongo la leo, na pembeni mwaka. Kayaba aliichora kwa upana wake, mita mbili, si kwa uzi mmoja. Shosho aliiangalia ikiwa imegeuzwa, msitu ukiwa upande wake, akaiacha hivyo hivyo.

"Njia iko wapi?" akauliza.

Alimaanisha njia inayokatiza shamba, ambayo majirani wa juu wameitumia kwenda mtoni tangu siku ya mnyororo. Haikuwa kwenye maelezo yake ya kwanza. Nani huitaja njia anayoikanyaga? Msichana akachukua rula na kuuliza upana.

"Ya mtu na ng'ombe mmoja."

"Wakipishana au wakifuatana?"

Shosho akafikiri. "Wakipishana. Na ng'ombe ana mimba."

Akachora milimita mbili na nusu.