Taarifa kwa Aliyeshika Paketi

Ushuhuda wangu unahusu karatasi moja: taarifa kwa umma ya kiwanda kidogo cha unga wa lishe wilayani Bunda, ambacho sitakitaja jina. Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wa Musoma, Bunda na Butiama barua na matangazo yao. Kabla ya karatasi hiyo nilizichukulia taarifa za namna hii kama tulivyofundishana katika kazi yetu, kwamba kwanza zilinde jina la kampuni. Siku hizi naanza na yule aliyeshika bidhaa mkononi.

Unga ule ulikuwa mchanganyiko wa mahindi, ulezi, soya na karanga. Maabara ilipima sampuli ya toleo moja ikakuta maikrogramu 23 za sumukuvu katika kilo ya unga, wakati kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni 10. Mahindi yalipimwa unyevu kabla ya kusagwa. Karanga hazikupimwa, na magunia yake yalikaa sakafuni bila chaga kipindi chote cha masika. Toleo hilo lilikuwa na paketi 640 za kilo moja. Paketi 230 zilikuwa bado ghalani. 410 zilikuwa zimeshauzwa kwa maduka ya Musoma mjini, Bunda, Kiabakari na Butiama.

Neno sumukuvu linatisha, na watu wana sababu ya kuogopa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mkurugenzi na wakili wake walitaka maneno ya kupoza. Rasimu waliyonikabidhi ilisema hivi:

"Uongozi umepata taarifa za madai yanayosambaa kuhusu ubora wa baadhi ya bidhaa zake. Tunapenda kuwahakikishia wateja wetu wapendwa kuwa afya zao ndiyo kipaumbele chetu. Sampuli nyingine zilizopimwa zilikidhi viwango, na hakuna mtu aliyeripotiwa kuugua. Hata hivyo, kama hatua ya tahadhari, baadhi ya bidhaa zitaondolewa sokoni. Tunasikitika kwa usumbufu wowote, endapo umejitokeza."

Nilikuwa napita Butiama siku hiyo, nikamsomea mama mmoja mwenye duka ambaye unga ule ulikuwa rafuni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua paketi moja akaigeuza. "Mwanangu," akasema, "nimekusikia. Sasa hii niitoe au niendelee kuuza?"

Sikuwa na sentensi hata moja ya kumjibu. Nilirudi mezani na swali lake, nikalishika kwa kila mstari: huu unamsaidia kuamua nini?

"Madai yanayosambaa" haukumsaidia. Kilichokuwepo kilikuwa jibu la maabara, na kuliita madai ni kulitilia shaka. "Baadhi ya bidhaa" ulimwongezea hofu, maana aliyekuwa na toleo salama angeogopa sawa na mwenye toleo baya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba utulivu hauletwi na maneno laini. Namba ya toleo ndiyo iliyowatuliza watu wengi kuliko sentensi yoyote, kwa sababu mtu huiangalia nyuma ya paketi na hapo hapo anajua kama yumo au hayumo.

Mistari miwili ilikuwa na ubaya zaidi, kwa kuwa ilikuwa kweli lakini ikapotosha. Sampuli nyingine zilifaulu, ni kweli. Lakini ukungu haukai sawasawa katika mzigo; karanga chache zinaweza kubeba sumu nyingi, kijiko kimoja cha unga kikakosa na kingine kikapata. Sampuli safi haisafishi toleo zima. Hakuna aliyeripotiwa kuugua, nayo ni kweli. Lakini sumukuvu kidogo kidogo hudhuru ini kwa miaka, kwa hiyo ukimya wa wiki moja si uthibitisho wa usalama. Mistari yote miwili niliifuta.

Kisha nikaongeza yale ambayo rasimu haikuyagusa. Mama wa huku akiambiwa unga una tatizo, la kwanza atauchemsha sana, la pili atawapa kuku au ng'ombe. Yote mawili lazima yakatazwe waziwazi. Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu, na ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa.

Nilijua pia kwamba mtangazaji wa redio husoma aya ya kwanza na pengine huishia hapo. Kwa hiyo agizo nililitanguliza. Hii ndiyo taarifa iliyotoka:

"Kama una unga wetu wa lishe wa kilo moja, toleo namba 014, usiuuze, usiule na usimpe mtoto. Namba hiyo ipo nyuma ya paketi, chini. Matoleo mengine hayahusiki.

Maabara imekuta katika toleo 014 sumukuvu mara mbili na zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Kupika hakuiondoi. Usiwape kuku wala ng'ombe. Rudisha paketi dukani, hata ikiwa imefunguliwa, urudishiwe fedha zako bila risiti. Mtoto aliyeula akitapika, akiumwa tumbo au macho yakiwa ya manjano, mpeleke kituo cha afya na uende na paketi.

Hatukupima unyevu wa karanga za toleo hili na hatukuzihifadhi vizuri. Tumesimamisha uzalishaji na tumelijulisha Shirika la Viwango Tanzania. Tunaomba radhi. Baada ya siku saba tutatangaza paketi ngapi zimerudi."

Kabla ya kuandika kwamba matoleo mengine hayahusiki, nilimwomba mkuu wa uzalishaji daftari la ghala. Lilionyesha kuwa karanga za magunia yale ziliingia kwenye toleo 014 peke yake. Bila daftari hilo sentensi ile isingeandikwa.

Wakili alisimama kwenye aya ya mwisho. Aliona tunajifunga wenyewe. Tulikaa naye, tukakubaliana mpaka: taarifa itaje kilichofanyika na kisichofanyika, jambo ambalo mkaguzi angelisoma kwenye daftari hata tusingelisema. Neno "uzembe" tuliliacha, kwa kuwa hiyo ni hukumu na ina wenye kuitoa. "Endapo" nalo liliondoka. Mtu aliyemnywesha mwanawe uji ule hawezi kuombwa radhi kwa masharti.

Siku saba zilipoisha, paketi 287 kati ya zile 410 zilikuwa zimerudi. Mkurugenzi alitaka tutangaze 287 na kuishia hapo. Nilimwambia, "Mzee, hizi 123 ndizo habari yenyewe." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema niandike. Tukatangaza kwamba 123 hazijaonekana, kwamba nyingine huenda zimeshaliwa na nyingine bado ziko majumbani, na tukarudia namba ya toleo. Baada ya tangazo hilo paketi nyingine zilirudi, kadhaa zikiwa nusu, zimefungwa kwa mpira.

Hayo ndiyo yaliyonibadilisha. Taarifa yoyote ya kasoro ikifika mezani kwangu sasa, kabla ya salamu na jina la kampuni naandika namba ya toleo na neno la kwanza la agizo. Mkurugenzi akiniuliza kwa nini sijaanza na "wateja wetu wapendwa", namjibu kwamba mteja huyo kwanza anataka kujua afanye nini na alichonacho nyumbani.