Miguu Iliyokataa Kukaa

Siku ya nne nilisimama mara sita katikati ya kikao cha asubuhi cha habari. Sikuwa naenda popote, miguu tu ilikataa kukaa. Mhariri akaniuliza, "Dada, umekunywa kahawa ngapi leo?" Sikuwa nimekunywa hata kikombe kimoja.

Nilikuwa nimeanza setralini, kidonge kimoja cha miligramu 50 kila asubuhi, baada ya miezi ya kuamka nikiwa nimechoka na kulia bila sababu. Nilitegemea utulivu. Nikapata mikono inayotetemeka, tumbo kuvurugika na usingizi wa kuibia. Usiku wa siku ya tano nilishika pakiti nikawaza kuimwaga chooni. Nilishaamua: dawa imenikataa.

Kwenye karatasi ya kliniki daktari alikuwa ameandika namba yake na tarehe ya kurudi, siku ya kumi. Sikusubiri tarehe, nikapiga.

Hakuniambia nivumilie, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Aliuliza kwanza kama nawaza kujidhuru. Akauliza kama kutotulia kunanitesa kiasi cha kushindwa kukaa kabisa. Kisha swali lililonishangaza: je, halali lakini najisikia nina nguvu tele, mawazo yanakimbia, najiona naweza kila kitu? Kuna watu, alisema, ambao huzuni yao ni upande mmoja tu wa ugonjwa wa baipola, na dawa hizi zinaweza kuwarusha juu. Kwa nje unaweza kudhani ni wasiwasi wa kawaida. Mimi nilikuwa hoi, nautamani usingizi. Basi, akasema, kata kidonge katikati, unywe nusu asubuhi baada ya chakula kwa wiki moja, halafu urudi kwenye kizima. Na mawazo mabaya yakija, usingoje siku ya kumi.

Siku ya kumi nilienda, akanichorea. Dawa huzuia seli za neva kuivuta tena serotonini, kwa hiyo ndani ya saa chache inaongezeka kati ya seli. Lakini seli zina vipokezi vinavyohisi ongezeko hilo na kupunguza utoaji wake. Vipokezi hivyo huchukua wiki kadhaa kulegea. Pengine ndiyo maana maudhi hutangulia na nafuu huja nyuma, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya sita. (Laiti ningechorewa hivyo siku ya kwanza!)

Mtetemo uliisha wiki ya tatu. Huzuni haikuondoka nao. Mabadiliko sikuyaona mimi, aliyaona dada yangu: "Siku hizi unamaliza chakula." Wiki ya sita nilirudi kliniki nikiwa nalala masaa sita, bado sina hamu ya kusoma riwaya. Daktari akaandika hilo la riwaya kwenye faili, akaniacha kwenye 50, akanipa tarehe nyingine.