GPA ya Semista 4.4, ya Jumla 3.4: Zile Pointi Zimeenda Wapi?

Matokeo ya semista ya tano yalipotoka, mwenzangu wa chumbani alipata A tatu, B+ moja na B moja. GPA ya semista ikasoma 4.4. Akashuka chini kidogo kuangalia ya jumla: 3.4. Kabla ya hapo ilikuwa 3.2. Yeye alikuwa anaitegemea 3.8, maana anataka kuomba masters na hesabu yake yote imesimama kwenye kuvuka 3.5, yaani daraja la pili la juu. Jioni ile alikuwa tayari anaandika barua ya rufaa. Mimi nasoma ualimu wa hisabati, kwa hiyo maswali yakanijia mimi. Nayaandika hapa na majibu yake, kwa sababu tangu siku ile nimeshaulizwa hayohayo na watu wengine vimbwetani.

Nilikuwa na 3.2, nimepata 4.4. Kati yake si ni 3.8?

Ingekuwa 3.8 kama mizigo miwili ingekuwa na uzito sawa. Haiko hivyo. Ile 3.2 imebeba semista nne, na 4.4 imebeba moja. Kwa kozi yetu ya miaka mitatu, kila semista ina krediti 60, hivyo 3.2 inasimamia krediti 240 na 4.4 inasimamia 60.

GPA haitafutwi kwa kujumlisha GPA na GPA. Inatafutwa kwa pointi. Kila kozi, unachukua uzito wa gredi (A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1) unazidisha kwa krediti zake. Unajumlisha pointi zote tangu mwaka wa kwanza, halafu unagawanya kwa krediti zote.

Za zamani: 240 × 3.2 = 768
Semista ya tano: 60 × 4.4 = 264
Jumla: 1032 ÷ 300 = 3.44

Kwa hiyo hakuna kosa kwenye mfumo?

Kwake halikuwepo. Alipata 3.44, na ukurasa wa matokeo unaonyesha desimali moja, ndiyo maana akaona 3.4. Hii ndiyo njia ya kujua kama kuna tatizo kweli: piga hesabu mwenyewe kwanza. Ukipata namba tofauti na ya kwenye ukurasa, pitia kozi moja moja uone ipi haina gredi, au ipi ina krediti zisizolingana na ulizosajili. Hapo sasa una cha kuandika kwenye rufaa. Lakini kama hesabu yako na ya ukurasa zinakubaliana, rufaa ya kusema tu "GPA yangu haijapanda" haina hoja ndani yake.

Mbona jirani yetu wa mwaka wa kwanza alipanda sana kwa matokeo kama haya?

Kwa sababu nyuma yake kulikuwa na krediti chache. Chukua mtu aliyemaliza semista ya kwanza tu na 3.2. Ana pointi 192 kwenye krediti 60. Semista ya pili akipata 4.4 kama mwenzangu, anaongeza 264 na kufika 456. Gawanya kwa 120: 3.8. Ile namba aliyoitegemea mwenzangu ni sahihi kabisa, ila ni ya mtu wa semista ya pili.

Msuli uleule, gredi zilezile, kwenye semista ya pili zinakupandisha 0.6. Kwenye semista ya tano zinakupandisha 0.24. Zikija semista ya sita, ni 0.2. Chukua tofauti kati ya GPA mpya na ya zamani, zidisha kwa krediti mpya, gawanya kwa krediti zote. Kadiri krediti zinavyorundikana, ndivyo kigawanyo kinavyonona na hatua inavyofupika.

Basi A zangu tatu zimepotea bure?

Hapana, na hapa ndipo nilipomwomba aache kuitazama GPA kwa dakika tano, atazame deni. Lengo lake ni 3.5. Kwa krediti 240 alipaswa kuwa na pointi 840. Alikuwa na 768. Alikuwa na deni la pointi 72.

Semista ya tano, mtu wa 3.5 angeingiza pointi 210. Yeye kaingiza 264. Amelipa 54. Deni limebaki 18. Yaani katika semista moja amelipa robo tatu ya deni alilolilimbikiza kwa miaka miwili. Ukurasa wa matokeo unaliandika jambo hilohilo kama "3.2 kwenda 3.4" na mtu anakata tamaa. Ni pointi zilezile, ila zimesambazwa juu ya krediti 300.

Semista ya mwisho nahitaji ngapi?

Kumaliza na 3.5 kwenye krediti 360 kunahitaji pointi 1260. Anazo 1032. Zinabaki 228, na 228 ukigawa kwa 60 ni 3.8. Kwa kozi tano za krediti 12 kila moja, hiyo ni B+ nne na B moja. Wala hatakiwi kurudia zile A tatu. Tulipofika hapo barua ya rufaa ikafungwa, likafunguliwa desa.

Angalia tu krediti za kila kozi, maana si lazima zilingane. Kupanda kutoka B hadi A kwenye kozi ya krediti 12 kunaleta pointi 24. Kupanda vilevile kwenye kozi ya krediti 6 kunaleta 12. Ukiwa na usiku mmoja na kozi mbili ambazo hujaziiva, hiyo tofauti inaamua uanze na ipi.

Na nikipiga A zote, napata first class?

Kwa mwenye 3.2 baada ya krediti 240, hapana. Hata angepata A tupu semista zote mbili zilizobaki, angeishia (768 + 600) ÷ 360, yaani 3.8. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na ili alifikie angehitaji wastani wa 6.8 katika mwaka wa tatu wote, wakati A yenyewe ni 5. Kila mtu ana dari yake, na inashuka kila semista inapopita. Ni afadhali uijue mapema uchague lengo lililo chini yake.

Nikiishia 3.46 je, si watanihesabia 3.5?

Inategemea kanuni za chuo. Kuna wanaokadiria kwenda desimali ya karibu, na kuna wanaokata tu, ambapo hata 3.49 inabaki 3.4. Kasome kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako kabla ya semista ya mwisho. Kama kanuni ni ya kukata, pointi moja ina thamani yake: mwenzangu akipata 227 badala ya 228, anaishia 3.497, na transkripti itasoma 3.4.

Tuwaambie nini fesi yia?

Wapeni hizo namba mbili tu, 0.6 na 0.24. Wakati bado wanazunguka kutafuta vyumba vya mihadhara, kila gredi yao ina nguvu mara mbili na nusu kuliko itakavyokuwa nayo mwaka wa tatu.